Kuhamisha Tarehe ya Kodi ya Nyumba

Mpangaji ambaye mshahara wake huingia tarehe 10, ilhali kodi yadaiwa tarehe 1, aweza kumwomba mwenye nyumba tarehe mpya. Tunashauri achague tarehe 12 badala ya 10, kwani mwajiri au benki huweza kuchelewa, hasa siku hiyo iangukiapo mwisho wa juma.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni siku za katikati. Siku hizo si za bure, na mwenye nyumba anayedhani anapoteza kodi yake atakataa. Tuchukue kodi ya shilingi 15,000 na mwezi wa Juni wenye siku 30: kila siku ni shilingi 500. Tarehe 1 Juni mpangaji hulipa siku 11, yaani shilingi 5,500. Tarehe 12 hulipa 15,000, zinazomfikisha tarehe 11 Julai. Pendekezo likiwa na hesabu hiyo, ni vigumu zaidi kulikataa.

Hata hivyo, mwenye nyumba halazimiki kukubali ikiwa mkataba umetaja tarehe. Pengine naye ana mkopo wa kulipa tarehe 5. Akikubali, maafikiano yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na yaeleze kuwa faini ya kuchelewa itahesabiwa kuanzia tarehe mpya. Neno la mdomo halitoshi: msimamizi mpya wa nyumba atausoma mkataba wa zamani na kudai faini. Kabla ya sahihi, tarehe 1 ingali tarehe ya kodi.