Mizani ya Jasho: Ugawaji wa Kazi ya Kikundi na Haki ya Alama katika Utafiti wa Nyanjani, Meru na Embu

Utangulizi

Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyemjua mwenzake aliyechangia jina tu kwenye jalada la kazi ya kikundi. Alama zinapotolewa, huyo hupata 14 kama aliyekesha. Aghalabu lawama huelekezwa kwa uvivu. Makala haya yanadai kuwa chanzo kikubwa zaidi ni hesabu mbaya ya mwanzoni: kikundi hugawa vichwa vya kazi badala ya kugawa uzito wake. Ili kuthibitisha dai hili, tutafuata mfano mmoja wa kubuni hadi mwisho.

Mfano wetu

Wanafunzi watano wanaosomea Chuka, mji ulio kati ya Meru na Embu, wamepewa kazi ya isimujamii yenye alama 20. Wanatakiwa kuchunguza jinsi sauti /r/ na /l/ zinavyobadilishana katika Kiswahili cha wauzaji wa soko la Gakoromone mjini Meru na wale wa soko la mjini Embu. Watano hao tutawaita A, B, C, D na E. A ni mzawa wa Imenti na B ni Muembu. C ameimudu fonolojia. D ametoka Mombasa. Kiswahili chake sanifu ni safi, lakini haelewi Kimeru wala Kiembu. E hana umahiri wa pekee, na jioni hufanya kibarua.

Katika mkutano wa kwanza walitaka kugawana kazi hivi: mmoja aandae mwongozo wa mahojiano, wawili waende sokoni, mmoja anukuu, na mmoja achanganue, aandike na kupiga chapa. Kila mtu ana sehemu yake, na kwa macho huo ni usawa. Sasa tupime kwa saa.

Kupima uzito kabla ya kugawa

Kuandaa mwongozo kunahitaji saa 6. Kukusanya data Gakoromone ni saa 6, na Embu saa 8 kwa kuwa kunahitaji siku mbili. Uchanganuzi ni saa 10, kuandika na kuhariri saa 8, kupiga chapa na kuandaa uwasilishaji saa 4. Uko wapi mzigo uliofichika? Ni unukuzi. Watarekodi saa moja na nusu katika kila soko, yaani saa tatu za sauti. Kunukuu kwa makini saa moja ya mazungumzo huweza kuchukua saa sita, kwa sababu msikilizaji hurudia sentensi ileile mara nyingi ili aamue kama amesikia /r/ au /l/. Hizo ni saa 18. Jumla ya kazi yote ni saa 60, na fungu la kila mmoja ni saa 12. Katika mgawo ule wa kwanza, mnukuzi angebeba saa 18 na mwandaaji wa mwongozo 6, mara tatu pungufu, ilhali wote wana “sehemu moja”.

Hapa pana swali lenye kuzusha ugomvi: ni saa za nani zinazohesabiwa? D huhariri kwa saa tano kazi ambayo wengine huifanya kwa saa nane. Tukimhesabia tano na kumwongezea kazi nyingine, tunamwadhibu kwa umahiri wake. Inafaa kuhesabu saa za mwanafunzi wa kawaida, na kikundi kikubaliane juu ya makadirio hayo kabla ya kutaja jina la mtu yeyote. Mtu akishajua kazi ipi ni yake, hukadiria kwa kuvutia kwake.

Kuoanisha kazi na umahiri

Kanuni ya pili ni kuanza na kazi ambazo si kila mtu anaweza kuzifanya. Wauzaji huchanganya Kiswahili na lugha zao, hivyo unukuzi wa Gakoromone (saa 9) unamhitaji A na ule wa Embu (saa 9) unamhitaji B. Uchanganuzi unamwendea C, na uhariri D. Kazi zisizodai umahiri maalumu hujaza mapengo:

A: unukuzi 9, data Gakoromone 3, jumla 12.
B: unukuzi 9, data Embu 4, jumla 13.
C: uchanganuzi 10, mwongozo 2, jumla 12.
D: kuandika na kuhariri 8, mwongozo 4, jumla 12.
E: data Gakoromone 3, data Embu 4, chapa na uwasilishaji 4, jumla 11.

Mgawo huu una hatari yake. E anaweza kumaliza muhula bila kuchanganua hata sentensi moja, na katika mtihani C hatakuwa kando yake. Kwa hiyo kila mmoja achanganue sentensi tano, kisha C azisahihishe mbele ya wote.

Aidha, makadirio hukosea. Tuseme kelele za Gakoromone zimefanya unukuzi wa A uchukue saa 12 badala ya 9. Sasa A ana saa 15, na kikundi kizima 63. Dawa ni mkutano wa katikati. E anachukua saa mbili: ananukuu sehemu za Kiswahili na kuacha mapengo panapotokea Kimeru, kisha A anayajaza. A anabaki na saa 13, E naye anafikia 13. Bila mkutano huo, A angenyamaza, kisha angelipuka siku ya kuwasilisha.

Kutoka jasho hadi alama

Ross na Sicoly (1979) walionyesha kwamba watu wanaofanya jambo pamoja huelekea kudai mchango mkubwa kuliko uliopo, kwa kuwa kila mmoja hukumbuka vizuri aliyoyatenda mwenyewe. Si lazima wawe waongo. Kwa hiyo mtu asijipime, awapime wenzake. Wazo la kuzidisha alama ya kikundi kwa kigezo kinachotokana na tathmini ya wenzake lilielezwa na Goldfinch na Raeside (1990). Tunalirahisisha hivi: kila mwanakikundi anagawa pointi 40 kwa wenzake wanne, kwa siri, na kumkabidhi mhadhiri. Wastani ni 10.

Tuseme kikundi kimepata 14. A amepewa jumla ya pointi 46, B 42, C 40, D 38 na E 34, kwa sababu E alichelewa kufika Embu na wauzaji wawili wakawa wamefunga. Gawanya kila jumla kwa 40, kisha zidisha kwa 14. A anapata 16.1, B 14.7, C 14, D 13.3 na E 11.9. Jumla ni 70, sawa na 14 mara tano. Hakuna alama iliyoongezwa wala kuibwa.

Mhadhiri akiona pengo hilo ni kali mno, nusu ya alama iwe ya wote na nusu ipitie kigezo. E atapata 7 na 5.95, yaani 12.95, na A 15.05.

Mipaka ya mizani hii

Pointi zaweza kufuata urafiki, au Wameru wakawapendelea Wameru na Waembu Waembu. Dalili huonekana. Mtu aliyepewa 6 na wenzake wote wanne ana kesi ya kujibu. Aliyepewa 6 na mmoja na 11 na watatu huenda ana ugomvi tu. Wote wakipeana 10, ama haki imetendeka ama wamepatana. Ndiyo maana daftari la kazi, lenye tarehe, kazi na saa, lisainiwe katika kila mkutano na liambatishwe. Pointi bila daftari ni maoni. Daftari nalo halioni ubora wa kazi, kwani saa tisa za unukuzi mbovu huandikwa tisa vilevile. Hilo lapaswa kuamuliwa na anayesikiliza kanda, naye ni mhadhiri.

Hitimisho

Tumeona kwamba E hakuwa mvivu. Alichelewa mara moja na akabeba saa 13. Chini ya mgawo wa vichwa angeweza kuitwa mzigo, na A angemaliza muhula akimchukia. Kinachobaki ni swali kwa wahadhiri wetu: je, karatasi ya swali la kikundi itolewe pamoja na jedwali tupu la saa, lijazwe na kurejeshwa kabla ya kinasasauti kuwashwa?