Vidokezo: Alama ya kutoa mbele ya mabano

1. Kujumlisha polinomia hakusumbui. Mabano yakitanguliwa na alama ya kujumlisha, yaondoe tu, kisha kusanya x² na x², x na x, namba tupu na namba tupu.

2. Kwenye kutoa ndiko alama nyingi hupotea. Chukua hili:

(5x² − 2x + 3) − (2x² − 7x + 4)

Wengi hubadili alama ya 2x², halafu wanayanakili yaliyobaki jinsi yalivyo: 5x² − 2x + 3 − 2x² − 7x + 4. Hapo wanapata 3x² − 9x + 7, na jibu hilo si sahihi. Unachotoa ni kila kilichomo ndani ya mabano, si cha kwanza peke yake. Ile alama ni sawa na −1 inayozidisha vyote vitatu, kwa hiyo −7x inageuka +7x, na +4 inageuka −4:

5x² − 2x + 3 − 2x² + 7x − 4 = 3x² + 5x − 1

Andika mstari huu wa kati kila mara, hata kama unaona unaweza kuufanya kichwani. Anayeuruka hugeuza alama na kukusanya kwa wakati mmoja, na katika haraka hiyo −7x hubaki na alama yake ya zamani.

3. Kutoa kukikutana na kuzidisha, fuata magazijuto: zidisha kwanza, toa baadaye. Katika 10 − (x − 3)(x + 2), zao la mabano mawili ni x² − x − 6. Liache ndani ya mabano mapya:

10 − (x² − x − 6) = 10 − x² + x + 6 = −x² + x + 16

Usipoyaweka mabano hayo, alama ya kutoa itaigusa x² tu. Wengine nao hugeuza alama ndani ya mabano yote mawili kabla ya kuzidisha. Hilo nalo ni kosa, kwani hasi mara hasi ni chanya, na kule kutoa kunafutika kabisa.

4. Jipime kwa kuweka x = 2. Kwenye swali la kidokezo cha 2, mabano ya kwanza yanatoa 19 na ya pili −2. 19 − (−2) ni 21. Jibu 3x² + 5x − 1 linatoa 12 + 10 − 1, yaani 21. Lile lenye kosa linatoa 1. Epuka x = 0, maana inapima namba tupu peke yake. Hata x = 1 haitoshi: x, x² na x³ zote zinakuwa 1, kwa hiyo aliyekosea kipeo hatajulikana.