Namna ya Kuandika Marejeo ya Insha ya Historia

Ndugu mwanafunzi, tuchukulie umepewa insha ya jinsi Kiunguja kilivyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, jambo lililokubaliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Umesoma kitabu, gazeti la zamani na barua iliyomo katika nyaraka za serikali. Vyote vitatu viandikwe kwa mpango mmoja: nani, nini, wapi, lini.

Kitabu ndicho chepesi:

Chiraghdin, Shihabuddin na Mathias Mnyampala. *Historia ya Kiswahili*. Nairobi: Oxford University Press, 1977.

Jina la mwisho la mwandishi wa kwanza limetangulia ili orodha ifuate alfabeti. Lakini Abdallah bin Hemedi, aliyeandika *Habari za Wakilindi*, mweke kwenye A. Hemedi ni baba yake, si jina la ukoo. Maneno yaliyolazwa hapa, wewe unayeandika kwa mkono yapigie mstari.

Sasa gazeti. Mfano huu na unaofuata ni wa kubuni, ingawa *Mambo Leo* lilikuwapo kweli tangu 1923:

“Lugha ya Shule Zetu.” *Mambo Leo*, Dar es Salaam, Machi 1931, uk. 52.

Mwandishi hakutajwa, basi kichwa cha makala kimeshika nafasi yake. Kichwa hicho kimo ndani ya alama za kunukuu, na jina la gazeti ndilo linalopigiwa mstari, kwa kuwa ndilo lililochapwa na kufungwa kama kitabu. Mchapishaji hatajwi. Ukiandika “*Mambo Leo*, 1931” tu, umempa mwalimu matoleo kumi na mawili ya kupekua, maana lilitoka kila mwezi.

Barua ndiyo inayowasumbua wengi:

Mkurugenzi wa Elimu, Zanzibar. Barua kwa Katibu Mkuu, 5 Machi 1931. Jalada AB 1/000, Nyaraka za Taifa, Zanzibar.

Barua haina kichwa, kwa hiyo ieleze kwa maneno yako, bila alama za kunukuu wala mstari. Tarehe ni ya barua yenyewe, si ya jalada, kwani jalada moja huweza kubeba karatasi za miaka kumi. Andika mwezi kwa jina. 5/3/31 wengine wataisoma Mei 3.

Kitabu kikikosekana Tanga kitapatikana Lamu, bali barua hii huenda ni nakala moja tu duniani. Ukikosea namba ya jalada hakuna atakayeiona, na hoja yako haitaweza kuhakikiwa. Kwa hiyo nakili namba hiyo palepale mezani, herufi na mkwaju kama zilivyo kwenye jalada, kabla hujalirudisha kwa mhudumu. “Nyaraka za Zanzibar” peke yake ni sawa na kumwelekeza mgeni nyumba kwa kumwambia iko Unguja.