MADA YA 7: UKARABATI WA MAGOFU – TUJENGE UPYA KIASI GANI?

Baada ya kusoma mada hii utaweza kueleza vigezo wanavyotumia wakarabati kuamua sehemu ipi ya gofu isimamishwe tena na ipi iachwe, na kutumia vigezo hivyo kujibu swali la mtihani. Mfano wetu ni hekalu la Parthenoni, lililopo juu ya kilima cha Akropoli, mjini Athene, nchini Ugiriki.

7.1 Hekalu lilivyogeuka gofu

Parthenoni ilijengwa kati ya mwaka 447 na 432 KK kwa marumaru kutoka mlima Penteliko. Mawe yake hayakuunganishwa kwa udongo wala chokaa. Kila jiwe lilichongwa likae sawasawa juu ya jirani yake, kisha mawe yakafungwa kwa vibano vya chuma. Baadaye hekalu likawa kanisa, halafu msikiti. Mwaka 1687 jeshi la Venisi liliushambulia mji kwa mizinga. Waosmani walikuwa wamehifadhi baruti ndani ya jengo hilo. Kombora likaangukia humo, baruti ikalipuka, na sehemu ya katikati ikabomoka. Nguzo nyingi za upande wa kaskazini na wa kusini zilianguka, na mawe yakatawanyika kilimani.

Hapo ndipo swali letu linapoanza: mawe yapo chini, tena mengi. Je, yarudishwe yote juu?

7.2 Kosa lililotoa funzo

Mhandisi Nikolaos Balanos alianza kazi Akropoli mwishoni mwa karne ya 19, na katika miaka ya 1920 alisimamisha tena nguzo za kaskazini. Kwa macho ya watu wa wakati wake kazi ilipendeza. Hata hivyo, alifanya makosa mawili ambayo mtahiniwa anapaswa kuyafahamu.

Kosa la kwanza lilikuwa la vibano. Wajenzi wa kale walikuwa wakimimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa kuzunguka kila kibano, ili maji na hewa visikifikie chuma. Balanos alitumia chuma kisichokuwa na kinga hiyo. Chuma kikapata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Kibano kilipovimba ndani ya jiwe, marumaru ilipasuka. Kwa hiyo mawe yaliyodumu zaidi ya miaka 2,000 yaliharibiwa na kazi iliyokusudiwa kuyaokoa.

Kosa la pili lilikuwa la mahali. Balanos aliyachukulia mawe yanayofanana kuwa yanaweza kubadilishana nafasi. Lakini sakafu ya Parthenoni si tambarare kabisa: imeinuka kidogo katikati, takriban sentimita 6 kwenye upande mfupi, na nguzo zimeinamia ndani kidogo. Kwa sababu hiyo kila jiwe lina vipimo vyake na mahali pake pamoja tu. Jiwe likiwekwa pasipo pake, mtazamaji anaonyeshwa jengo ambalo halikuwahi kuwapo.

7.3 Vigezo vitatu vya kuamua

Mwaka 1964 wataalamu walikubaliana juu ya Hati ya Venisi, ambayo ndiyo mwongozo mkuu wa kazi hii. Inasema ukarabati lazima ukome pale ambapo kubahatisha kunaanza. Pia inaruhusu kusimamisha upya mawe ya asili yaliyotawanyika, lakini si kulijenga jengo upya. Mwaka 1975 Ugiriki iliunda kamati maalumu ya Akropoli. Kamati hiyo iliifumua kazi ya Balanos na kuanza upya. Kabla ya kuinua jiwe lolote, maswali matatu huulizwa.

(a) Je, jiwe lenyewe linaonyesha mahali pake? Chukulia kipande cha duara cha nguzo kilichookotwa chini. Nguzo ya Parthenoni huwa nyembamba zaidi kadiri inavyopanda, kwa hiyo kipenyo cha kipande kinaonyesha kilikuwa kwenye kimo gani. Nguzo ina michirizi 20. Michirizi ya kipande lazima iendelee ile ya kipande cha chini bila kupinda. Tundu la katikati, lililokuwa na kiungo cha mbao, lazima likutane na tundu la jirani yake. Ushahidi wote ukikubaliana, jiwe linarudi. Usipokubaliana, jiwe linabaki chini na kuhifadhiwa.

(b) Je, marumaru mpya itakuwa kiasi gani? Jiwe la kale lililovunjika pembe haliwezi kubeba mzigo. Hivyo pembe huongezwa kwa marumaru mpya, kutoka mlima uleule, iliyochongwa kufuata mvunjiko wa jiwe la zamani. Hapa kuna tofauti kubwa na Balanos, ambaye alikata mivunjiko ya mawe ya kale ili vipande vipya vikae vizuri. Leo kinachokatwa ni kipya, si cha kale. Marumaru mpya ni nyeupe, na ya zamani ina rangi inayokaribia asali, hivyo mtazamaji anaweza kutofautisha. Ikiwa nguzo itahitaji mawe mapya mengi kuliko ya kale, inakuwa nakala, na kuna sababu nzuri ya kuiacha fupi ilivyo.

(c) Je, kazi inaweza kutenguliwa? Vibano vya sasa ni vya titani, madini yasiyopata kutu. Tena huwekwa kwa vipimo ambavyo, tetemeko likitokea, kibano kipinde kabla marumaru haijapasuka. Kibano kinaweza kubadilishwa; jiwe la kale haliwezi.

7.4 Kwa nini gofu halikamilishwi?

Unaweza kuuliza: kwa kuwa teknolojia ipo, kwa nini paa lisirudishwe? Sababu ya kwanza ni kigezo (a): mawe mengi ya juu yamepotea, na kuyachonga mapya ni kubahatisha. Sababu ya pili ni kwamba mlipuko wa 1687 nao ni historia. Hekalu lililokamilika lingeficha miaka lililokuwa kanisa, msikiti na ghala la baruti.

ZINGATIA: Watahiniwa wengi huandika kwamba ukarabati ni kulirudisha jengo katika hali ya mwanzo. Jibu hilo si sahihi. Ukarabati unarudisha kile tu ambacho ushahidi unakithibitisha.

7.5 Swali la mfano

Kilwa Kisiwani kuna magofu ya Msikiti Mkuu, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Je, njia iliyotumika Parthenoni inafaa kwa kuta zake zilizoanguka? Toa sababu. (alama 10)

Mwongozo wa jibu: Kwa sehemu kubwa haifai. Mawe ya Parthenoni yalichongwa moja moja, hivyo kila moja hutambulika mahali pake. Mawe ya kawaida ya ukuta wa Kilwa hayana umbo maalumu; yalishikwa na chokaa. Ukuta ukianguka, mawe hayaonyeshi yalipokuwa, kwa hiyo kuuinua tena ni kubahatisha. Kinachofaa ni kuimarisha kuta zilizosimama na kuziba sehemu za juu maji yasipenye. Chokaa itumike badala ya saruji, kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko matumbawe na huzuia unyevu kutoka, nao hulila jiwe. Sehemu zilizochongwa, kama mawe ya matao, zinaweza kurudishwa iwapo mahali pake panathibitika.

Maswali ya marudio
1. Eleza jinsi kutu ilivyopasua marumaru ya Parthenoni.
2. Kipande cha nguzo kina kipenyo kinachofaa, lakini michirizi yake haiendani na kipande cha chini. Mkarabati afanye nini, na kwa nini?
3. "Kuacha gofu likiwa gofu ni uvivu." Jadili kwa kutumia hoja tatu.