Mahindi ya Kinyungu na Pakiti ya ORS
Kijitabu cha baiolojia kwa wanafunzi wanaojiandaa na mtihani

Shuka kwenye vinyungu vya Kalenga, bondeni mwa Mto Ruaha Mdogo, siku ambazo maji yametuama shambani. Utakuta shina la mahindi limesimama kwenye tope, mbolea ilishawekwa, lakini majani ya chini yanageuka njano kuanzia nchani kufuata uti wa jani. Hiyo ni dalili ya njaa ya naitrojeni. Mmea una maji tele na bado una njaa. Ukiweza kueleza kwa nini, sehemu ngumu ya mada hii umeimaliza.

Ng'oa mche mchanga taratibu, uuoshe. Nyuma kidogo ya ncha ya mzizi utaona manyoya meupe, laini kama vumbi la pamba. Kila unyoya ni seli moja iliyorefuka, na ndipo maji na chumvichumvi za udongo huingilia. Havipiti kwa njia moja.

Maji huingia kwa osmosisi. Ndani ya seli mna sukari na chumvi nyingi kuliko kwenye maji ya udongo, kwa hiyo maji hupenya utando wa seli kutoka kwenye myeyuko hafifu kwenda kwenye myeyuko mzito. Oksijeni nayo huingia kwa difusheni, yaani hutoka penye oksijeni nyingi kwenda penye oksijeni kidogo. Njia zote mbili ni kama kuteremka mlima: seli haitoi nishati yake kusukuma kitu.

Naitreti ndiyo yenye kazi. Tuseme udongoni mna sehemu 1 ya naitreti na ndani ya seli zimo 10. Kwa difusheni, naitreti ingevuja kwenda nje ya mzizi. Ili iingie lazima ipandishwe mlima, na anayeipandisha ni protini iliyo kwenye utando, kwa nguvu ya ATP inayotokana na upumuaji wa seli. Huo ndio usafirishaji amilifu. Ndiyo maana seli hizi zina mitokondria nyingi.

Sasa rudi kwenye tope. Maji yamejaza nafasi zilizokuwa na hewa, oksijeni haifiki mizizini, upumuaji unapungua, na ATP inapungua pamoja nao. Naitreti hata ikiwepo haipandishwi. Tusiseme kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya unjano: maji hayo pia huisomba naitreti chini, na bakteria wa udongo usio na hewa huigeuza kuwa gesi. Lakini mkulima anapoinua matuta na kuchimba mifereji, anairudishia mizizi hewa ya kufanyia kazi.

Mtihani hupenda kuuliza jambo hilihili kwa grafu: oksijeni imepunguzwa, na ufyonzaji wa chumvi fulani umeshuka. Jibu liwe na hatua zote: oksijeni kidogo, upumuaji kidogo, ATP kidogo, usafirishaji amilifu kidogo. Anayeandika tu "mmea umekosa hewa" anaacha alama mezani. Na kamwe usiandike kwamba maji huingia kwa usafirishaji amilifu.

Utumbo mwembamba una mlima kama huo. Ukimaliza kula ugali, glukosi ni nyingi utumboni kuliko kwenye damu, na sehemu yake huweza kuteremka kwa difusheni kupitia protini za utando. Ikibaki kidogo, difusheni haiwezi kuimaliza. Hapo seli za ukuta wa utumbo hutumia ATP kutoa sodiamu upande wa damu, ili ndani ya seli ibaki kidogo. Sodiamu ya utumboni hukimbilia kuingia, na protini inayoipitisha huibeba na glukosi papo hapo. Nishati iliyolipwa mlango wa nyuma huvuta sukari mlango wa mbele.

Pakiti ya ORS imejengwa juu ya protini hiyo. Ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya mezani, pamoja na chumvi nyingine mbili, kwa lita 1 ya maji safi. Hata kwa mgonjwa wa kipindupindu, anayepoteza maji kwa kasi, protini hiyo huendelea kufanya kazi. Glukosi na sodiamu zikiingia, maji huzifuata kwa osmosisi.

Kipimo cha lita 1 kina sababu. Mama akikoroga pakiti nzima kwenye nusu lita akidhani anaongeza nguvu ya dawa, myeyuko huwa mzito kuliko damu. Osmosisi hugeuka, maji hutoka mwilini kuingia utumboni, na mtoto huzidi kuharisha. Ndivyo inavyokuwa kwa mche uliorundikiwa urea shinani: maji hutoka mzizini kwenda udongoni, nao hunyauka katikati ya udongo uliolowa.