Dondoo muhimu: Dakika 20 za mzazi anayelea peke yake
Mzazi anayelea peke yake huona aibu kujilaza mchana vyombo vikiwa bado havijaoshwa. Lakini mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huchelewa kuitikia jambo kama aliyekunywa pombe kidogo, na huyo ndiye anayeepua sufuria ya uji mtoto akiwa miguuni. Kwa hiyo mtoto anaposinzia, lala kwanza; vyombo (havina haraka) baadaye. Tega kengele ya simu dakika 20, maana ukipitiliza nusu saa huenda ukaamka na kichwa kizito. Utasema wako kakua, halali mchana. Basi jirani unayemwamini amwangalie leo, nawe umwangalizie wake kesho. Usingizi ukigoma hata usiku, wiki baada ya wiki, nenda zahanati: huenda si uchovu tu.