Kwenda Cheptais Nauli Ikiwa Imepanda

Ukiwa na haraka, shika hili kwanza: uliza nauli ya hadi Cheptais kabla ya kukaa, na uliza siku ileile unayosafiri. Bei uliyoambiwa wiki iliyopita huenda haipo tena.

Nauli za matatu Kenya hazipangwi na serikali. Sako na wenye magari ndio huzipanga. Kinachowasukuma ni mafuta. Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei mpya, nazo huanza tarehe 15. Petroli ikipanda sana, tarajia tangazo jipya kwenye steji siku chache baadaye. Ikishuka, usitarajie haraka hiyohiyo.

Idadi ya abiria nayo ina uzito wake. Mnamo Machi 2020, kwa sababu ya korona, matatu ya watu 14 iliamriwa kubeba 8, hadi Agosti 2021 viti vyote viliporudishwa. Chukua mfano wa nauli ya shilingi 200: gari lililojaa lilipata 2,800. Ili kupata pesa hizo kwa abiria wanane, kila mmoja alipaswa kulipa 350. Dereva hakuhitaji tamaa ili apandishe nauli. Hesabu tu ilitosha.

Ukisoma tangazo, tazama tarehe ya kuanza, kisha tazama bei ni ya kutoka wapi hadi wapi. Hapo ndipo wageni wengi hukwama. Kutoka Bungoma unapitia Chwele. Kutoka Kitale unapitia Kamukuywa na Kimilili, ndipo ufike Chwele. Nauli ya "Chwele" haikufikishi Cheptais, mlimani. Muulize makanga, "Ni Cheptais moja kwa moja?" na usubiri jibu lisilo na kigugumizi.

Hata gari likiwa la moja kwa moja, abiria wakipungua njiani mnaweza kufaulishwa, yaani kuhamishiwa gari jingine. Usilipe mara ya pili. Usishuke mpaka umwone makanga wako akimkabidhi mwenzake nauli yenu, na ukilipa kwa M-Pesa, usifute ujumbe.

Kuhusu saa: matatu nyingi huondoka zikijaa, kwa hiyo saa iliyoandikwa ukutani ni ya kuanza kupakia. Na ukiona 6:00 AM, hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi. Anayekuambia "saa sita" anamaanisha mchana. Ukitaka kurudi siku hiyohiyo, ulizia gari la mwisho la kushuka ukifika tu, si jioni. Likikupita, utabaki na boda, na bei ya boda usiku, hasa mvua ikinyesha, mnapatana papo hapo, naye mwenye pikipiki anajua huna gari.